Zimwi Ana Uzito Gani?

Katuni ikitoka mikononi mwa mchoraji huwa bubu. Filamu ya waigizaji, hata iliyopigwa hovyo, ina sauti fulani iliyonaswa palepale: nguo zinachakarika, kiti kinaburutwa, mtu anakohoa nyuma ya kamera. Katuni haina hata hicho kikohozi. Mhusika wake hajawahi kukanyaga kitu, mlango wake hauna bawaba, na zimwi wake ni mistari na rangi tu. Tena mchoro peke yake hausemi uzito. Duara la kijivu likidondoka sakafuni likatoa "ti", tunaona gololi. Duara hilohilo likianguka "pu", tunaona jiwe la kusagia.

Ndiyo maana anayetia sauti katuni haanzi kwa kujiuliza mlango wa kweli unaliaje. Anajiuliza kitu hiki kina uzito gani, kimetengenezwa kwa nini, na kiko mahali gani. Akishapata majibu hayo ndipo anaingia jikoni kutafuta vifaa.

Tuchukue katuni fupi ya dakika moja na nusu. Binti anatembea pekupeku usiku, kutoka uani kwenye mchanga hadi ndani kwenye sakafu ya saruji. Nje zimwi anakaribia. Komeo linafunguka, mlango wa mbao unasukumwa polepole, zimwi anaingiza kichwa na kunguruma. Kuna nyayo za aina mbili, mlango mmoja na kiumbe mmoja, na vyote vinaweza kurekodiwa kwenye chumba cha kulala kwa simu na vitu vya nyumbani.

Kuigiza sauti namna hii huku ukitazama picha ni kazi inayobeba hadi leo jina la Mmarekani Jack Foley. Alikuwa katika studio za Universal mwaka 1929, wakati filamu ya Show Boat iliyopigwa bila sauti ilipolazimika kutiwa sauti baadaye. Njia yake haijabadilika sana: picha inachezwa, na wewe unatembea, unagonga na kuburuta vitu pamoja nayo. Kwato za farasi wa sinema zimetoka miaka mingi kwenye vifuu vya nazi, vitu ambavyo pwani kwetu tunavikokea moto.

Shida ya kwanza nyumbani ni nyumba yenyewe. Rekodi baada ya saa sita usiku, bodaboda zikipungua, na uzime feni. Friji nayo uizime, kisha uweke funguo zako ndani yake. Huo ni ujanja wa warekodi wa filamu: huwezi kutoka bila funguo, na ukizifuata utakumbuka kuiwasha kabla samaki hawajaharibika. Halafu simama katikati ya chumba upige kofi moja. Ukisikia kimlio chembamba kinachotetemeka baada ya kofi, kuta mbili zinarushiana sauti. Kanga ukutani hazitasaidia, ni nyepesi mno. Simamisha godoro upande mmoja, tundika blanketi zito upande wa pili, upana wa kiganja kutoka ukutani, upige kofi tena. Chumba kikimeza lile kofi, kiko tayari. Usione ni usumbufu wa bure. Tukifika kwa zimwi utaona jinsi mwangwi mdogo wa chumba unavyoweza kuharibu kazi yote.

Simu nayo ina tabia yake. Imetengenezwa kwa ajili ya maongezi, kwa hiyo hupandisha yenyewe sauti ndogo na kubana kubwa. Utaijua kasoro hii ukipiga kishindo: kishindo kinasikika kimenyongwa, na mara baada yake mvumo wa chumba unapanda "shhh" kama wimbi. Tafuta programu ya kurekodi inayokuruhusu kuzima urekebishaji huo na kuhifadhi kwa WAV. Panga kiwango ili kishindo kikubwa kifike karibu -12 dB, kisiguse kabisa sifuri, maana sauti iliyopasuka hairudi kuwa nzima. Mwisho, rekodi dakika moja ya chumba kikiwa kimya, bila kufanya lolote. Rekodi hiyo itakuja kutandikwa chini ya katuni nzima. Ukiacha ukimya wa kompyuta kati ya hatua na hatua, kila hatua itasikika imebandikwa.

Sasa nyayo za binti. Mtu angedhani suluhisho ni kuvua viatu na kutembea, lakini miguu mitupu kwenye saruji, mbele ya maikrofoni, karibu haisikiki, na kidogo kinachosikika ni kizito kama cha mtu mzima. Tumia mikono. Lowanisha viganja kidogo sana, piga magoti mbele ya kipande cha marumaru au ubao mnene, maikrofoni ikiwa umbali wa hatua moja, kisha "tembea" kwa viganja: sehemu ya kiganja iliyo karibu na kifundo inatua kwanza, vidole vinafuata. Hapo ndipo siri ilipo. Hatua ya mtu ni milio miwili, kisigino halafu vidole, na kati yake kuna nafasi ndogo. Kiganja kikitua chote kwa mpigo, utasikia kofi. Angekuwa amevaa kandambili, ungevaa kandambili mikononi, ule ukanda ulegee kidogo ili soli ipige kiganja kila unapoinua.

Kwa mchanga wa uani, watu wengi humwaga mchanga kwenye sinia, halafu wanashangaa binti anatembea juu ya bati. Sinia linalia. Kunja gunia au blanketi, tandaza mchanga juu yake unene wa vidole vitatu, ukanyage hapo. Mchanga laini wa ufukweni hauna sauti ya kutosha. Changanya na chumvi ya mawe konzi moja au mbili, na kila unyayo utapata ule mchakato mdogo unaotufanya tuuone mchanga.

Kuoanisha na picha kunahitaji hesabu kidogo. Katuni nyingi huenda fremu 24 kwa sekunde, na mwendo wa kawaida wa mhusika ni hatua moja kila fremu 12, yaani hatua mbili kwa sekunde. Tafuta fremu ambayo unyayo unagusa sakafu kwa mara ya kwanza, uweke mwanzo wa mlio hapo. Ukishindwa kuamua kati ya fremu mbili, chagua ya baadaye. Kwa vipimo vya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, watazamaji huanza kugundua kasoro sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, ilhali ikichelewa wanavumilia hadi kama 125. Fremu moja ni milisekunde 42. Kwa hiyo hatua iliyochelewa fremu mbili hakuna atakayeiona, lakini iliyowahi fremu mbili itamkera mtu hata kama hajui kinachomkera. Tumezoea hivyo tangu utotoni: anayepasua kuni ng'ambo ya shamba tunaliona shoka likitua kwanza, mlio unakuja nyuma yake.

Kuna mtego mmoja wa katuni peke yake. Mchoraji akitaka mhusika atembee sekunde kumi, mara nyingi huchora hatua mbili na kuzirudia. Macho yanakubali. Masikio hayakubali mlio uleule ukirudiwa. Kufikia mara ya nne binti anakuwa cherehani. Rekodi hatua nyingi kuliko unazohitaji, nzito na nyepesi, safi na zenye kukwaruza kidogo, uzichanganye. Kisha pitia picha tangu mwanzo bila kuigiza nyayo kabisa, umeshika kanga mkononi, ukiifuta na kuikunjua kila binti anapogeuka au kuinama. Sauti hiyo ya nguo huwekwa chini sana, na hakuna mtazamaji atakayeitaja. Ukiizima, hata hivyo, binti anarudi kuwa mchoro.

Zimwi anakanyaga kwa namna nyingine kabisa. Kishindo chake unakipata kwa kudondosha kiroba cha mchele cha kilo tano, kutoka usawa wa goti, juu ya mkeka uliotandikwa kwenye saruji. Ni kizuri, kinene, na kwenye spika kubwa kitatikisa kifua. Lakini katuni fupi siku hizi hutazamwa kwenye simu, na kispika cha simu hakiwezi kutoa besi. Kile kiroba kitabaki "pf". Kwa hiyo kishindo kinahitaji mwenzake wa juu kidogo. Chukua dumu tupu la lita 20, ulipige ngumi ubavuni, ulaze mlio huo juu ya kiroba katika fremu ileile. Dumu lina sauti ya tumbo tupu ambayo hata simu ndogo inaitoa. Juu yake ongeza kokoto zikisagwa chini ya kiatu, ili tujue anakanyaga nini.

Na bado atakuwa mwepesi. Kinachotuambia uzito wa kweli ni vitu vilivyo karibu naye. Weka vijiko vichache ndani ya sufuria juu ya meza, ugonge meza kwa chini, urekodi ule mtikisiko: "chang'aching'a". Uweke fremu mbili au tatu baada ya kishindo, maana mtetemo unachukua muda kufika jikoni alipo binti. Hatua ya kwanza iwe na kijiko kimoja kinachogusa sufuria kidogo tu, ya tano iwe na vyote. Zimwi bado yuko nje, hajaonekana, na tayari tumejua anakaribia na ana ukubwa gani.

Mlango una watu wasiouheshimu. Hutafuta rekodi moja ya mlango kufunguka wakaibandika. Mlango wa mbao wa nyumba ya zamani ni milio mingi inayofuatana: komeo linateleza, linagota, mbao zinapumua kutoka kwenye miimo, bawaba zinalia, kisha ubao unagusa ukuta. Rekodi kila kimoja peke yake. Komeo lipate maikrofoni karibu, kiasi cha shibiri moja, kwa sababu ni kitu kidogo tunachotaka kukiona kikubwa. Kwa ule mgoto wa mwisho, laza simu yenyewe ikiwa imegusa kabati la nguo ndani yake, halafu sukuma mlango wa kabati ufunge. Mbao zitabeba mtetemo ambao hewani haukusikika, na kabati la kawaida litakuwa lango.

Mlio wa bawaba ndio raha ya kazi hii. Bawaba kavu hailii kwa sababu inasuguana tu. Inalia kwa sababu inakwama na kuachia, inakwama na kuachia, mara nyingi kwa sekunde. Ukisukuma polepole sana, unasikia kila kukwama peke yake, "ka, ka, ka". Ukiongeza mwendo, vile vipande vinaungana na kuwa sauti inayopanda. Chochote kinachokwama na kuachia kinaweza kuwa bawaba, na nyumba nyingi za pwani zina kifaa bora kuliko mlango wowote: mbuzi ya kukunia nazi. Ile iliyozeeka, miguu yake inapopishana kwenye tundu la kukunjia, hulia ukiikalia na kuhamisha uzito. Ikalie, maikrofoni iwe karibu na kiungo, ujisogeze kwa nusu makalio, polepole kuliko unavyodhani inatosha. Uking'ang'ania kuipaka mafuta baada ya hapo, umepoteza chombo.

Kwenye katuni yetu mlango unafunguka kwa sekunde tatu, fremu 72. Komeo liko fremu ya kwanza. Kisha usiweke kitu kwa nusu sekunde. Picha haina haraka, na binti ameacha kupumua. Vile vipande vya "ka, ka" vianze mlango ukiwa bado karibu hausogei, viungane unaposhika kasi, vikatike ghafla kabla mlango haujasimama, halafu mgoto. Kasoro ya kawaida ni mlio unaolia kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho. Ukitaka mlango mkubwa zaidi, ule wa kuchongwa wa Mji Mkongwe Zanzibar, punguza mwendo wa rekodi hadi nusu: mlio unashuka oktavu moja na kurefuka maradufu, na kigoda cha jikoni kinakuwa mbao za unene wa kiganja.

Ujanja huohuo wa kupunguza mwendo ndio uliozaa viumbe wengi wa sinema. Mwaka 1933 Murray Spivack alimpa King Kong sauti kwa kuchukua ngurumo za simba na chui milia, akazichelewesha na kucheza nyingine kinyumenyume. Mwaka 1954 mtunzi wa muziki wa Kijapani Akira Ifukube alipata mlio wa Godzilla bila mnyama yeyote: glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu wa msonobari ilisuguliwa kwenye nyuzi zilizolegezwa za fidla kubwa la besi. Ukitazama vizuri, ni kukwama na kuachia kulekule kwa bawaba. Gary Rydstrom, katika Jurassic Park ya 1993, aliweka mtoto wa tembo ndani ya ngurumo ya dinosaria mkubwa. Alichagua mtoto badala ya tembo mzima.

Kwa zimwi wetu anza na koo lako. Sauti ya mtu ina hasira na hofu zinazoweza kuongozwa, jambo ambalo mbuzi wa jirani hatakufanyia. Nguruma ukivuta pumzi ndani badala ya kuitoa. Mlio unatoka mkavu, umevunjika, na si rahisi kumtambua mwenyewe. Kwa kuwa utapunguza mwendo hadi nusu, iigize kwa haraka mara mbili: kama zimwi anafumbua mdomo sekunde mbili, wewe una sekunde moja. Epuka "aaa" iliyo wazi. Irabu safi ikichelewa husikika kama mzee mlevi. Chezesha mdomo, anza umeufumba, umalize umeupanua.

Programu kama Audacity inakupa njia mbili za kushusha sauti, na matokeo yake hayafanani. `Change Pitch` inashusha sauti na kuacha urefu wa muda palepale, jambo linalovutia lakini mara nyingi huacha mitetemo ya kimashine. `Change Speed and Pitch` inachelewesha kila kitu pamoja, kama kanda iliyopungua mwendo, na hiyo ndiyo ninayoipendelea bila kusita. Koo kubwa lina mvumo wa chini, na njia hii inashusha hata mvumo wa koo lako, ndiyo maana sikio linaona mwili mkubwa. Programu nyingine zina njia ya tatu, ya kushusha sauti na kulinda mvumo wa koo. Ni nzuri kwa mwimbaji, ila kwa zimwi inakupa mwanamume mwenye sauti nene.

Hapa ndipo lile godoro linalipa. Ukichelewesha ngurumo, unachelewesha na chumba ulichorekodia. Mwangwi mfupi wa kuta zako unarefuka mara mbili, na zimwi aliye mlangoni anasikika yuko pangoni. Hakuna kitufe kitakachouondoa vizuri. `Noise Reduction` nayo ukiitumia kwa nguvu huacha vijilio vya maji vinavyobubujika nyuma ya sauti, hivyo rudi urekodi upya, karibu zaidi na maikrofoni. Ishara ya pili ya kuzidisha ni ubutu: ukishuka chini ya nusu ya mwendo, milio mikali yote inapotea na ngurumo inakuwa kama inapita kwenye blanketi.

Ubutu huo unatibiwa kwa kuongeza kinywa, kwa sababu koo peke yake si mnyama. Kamua embe bivu ndani ya kitambaa kilicholowa, karibu na maikrofoni, bila kuchelewesha: hayo ni mate na fizi. Paka akikoroma apunguzwe kidogo na kuwekwa chini ya pumzi ya zimwi kabla hajanguruma. Mbuzi naye ana nafasi. Mlio wake una mtetemo wa asili ambao mtu hawezi kuuiga. Uchelewesha, uweke katikati ya ngurumo, kimya kidogo kuliko koo lako. Kila tabaka likae mahali pake, kifua chini, koo kati, kinywa juu. Matabaka mawili yakigombania sehemu moja hayaongezi ukubwa, yanafutana tu, na dalili yake ni kwamba ukizima moja ngurumo inakuwa wazi zaidi.

Yakishapangwa yote, yape mahali. Ngurumo ya mlangoni na nyayo za binti haziwezi kuwa kavu kama chumba chenye godoro. Unaweza kuweka mwangwi wa programu, lakini kwa nyumba ndogo ni bora upeleke spika kwenye jikoni halisi, ucheze ngurumo hapo, uirekodi tena kutoka chumba cha pili mlango ukiwa wazi nusu, halafu uchanganye kidogo ya rekodi hiyo na ile ya kwanza. Kwa hatua za nje, funga mlango huo: mbao zitameza milio mikali zenyewe, na mlango ukifunguka katika picha unahamia kwenye rekodi ya wazi katika fremu ileile.

Mwisho sikiliza kwa hedifoni, kisha kwa simu, kisha kwa simu hiyohiyo feni ikiwa imewashwa. Mpe mtu akae ameipa skrini mgongo, akueleze nani anakuja na kutoka wapi. Akisema anasikia mtu anahamisha samani, usikimbilie kuongeza besi. Kwenye simu kiroba cha mchele ndicho cha kwanza kupotea, dumu linafuata, na vya mwisho kubaki ni vijiko kwenye sufuria; kwa hiyo vijiko ndivyo vya kupandisha.